Kwa nini mji wako unakufa wote kwa mpigo: maneno niliyowaambia vijana wanaocheza magemu ya kujenga miji

Haya wadogo zangu, karibuni, waliokaa nyuma sogeeni mbele maana sina sauti ya kupiga kelele. Nimeambiwa humu ndani wengi mnacheza haya magemu ya kujenga miji na kusimamia uchumi, na kuna mmoja ameniandikia kabla hatujaanza, swali lake nimelipenda sana, anasema mji wake ulikua vizuri tu, pesa ipo, umeme upo, maji yapo, alafu ghafla bila kugusa kitu watu wakaanza kufa mamia kwa mamia na nyumba zikabaki tupu, akadhani gemu imeharibika. Sasa mimi leo sitaongelea foleni wala kodi wala viwanda, nataka tukae kwenye hilo swali moja tu, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho mameya wa kweli wanahangaika nacho na wengi wao hawakioni mpaka kiwafike mlangoni.

Gemu haijaharibika. Kilichoua mji wake kilitokea zamani sana, siku ile ile aliyokuwa anashangilia.

Tuanze na gemu ndogo kwanza maana huko mambo yanaonekana wazi. Kuna gemu inaitwa Banished, ilitoka 2014, imetengenezwa na mtu mmoja peke yake. Unapewa familia chache tu, ukichagua rahisi unapata sita, ukichagua ngumu unapata nne, unatupwa porini nao na lazima uwavushe baridi. Hakuna pesa humo, hiyo ndo raha yake, hakuna pa kukopa, una chakula, kuni, vifaa vya kazi, nguo, na watu, basi. Mtoto akifika miaka kumi anahesabika mtu mzima na anaanza kazi, isipokuwa umejenga shule, hapo anachelewa kidogo ila akitoka anazalisha zaidi. Na watu wanazeeka haraka kuliko kalenda ya gemu inavyokwenda, kwaiyo kizazi kizima kinapita ukiwa umekaa hapo hapo kwenye kiti.

Sasa sikilizeni sheria moja ambayo gemu haikuambii usoni. Vijana wawili hawaanzi familia mpaka wapate nyumba yao. Nyumba moja, familia moja. Kama hakuna nyumba wanakaa kwa wazazi wao, wanafanya kazi, wanakula, wanazeeka, na hawazai. Nyumba ya mbao pale inataka magogo 16 na mawe 8, sio kitu kikubwa, lakini ukiwa na stoo iliyojaa chakula na watu wote wana pa kulala, nani anakumbuka kujenga nyumba? Na hapo ndo mtego ulipo.

Tufanye una familia tano, umejenga nyumba tano, una watu wazima kumi na watoto wao. Chakula mtu mmoja anakula kama 100 kwa mwaka, kwaiyo watu ishirini ni 2,000, na wewe unavuna 3,000, stoo inajaa, unaona umeshinda. Watoto wale wanakua, wanaanza kazi, saivi una wafanyakazi wengi kuliko mwanzo na midomo ile ile, chakula kinazidi kujaa. Hii ndo sehemu tamu kabisa ya gemu na ndo sehemu ya hatari kabisa. Kila mtu anafanya kazi, hakuna mtoto wa kulisha, hakuna mzee wa kuangalia. Ukiangalia stoo peke yake unasema huu mji uko vizuri. Ila ukijenga jengo la halmashauri, gemu inakupa grafu ya idadi ya watu imegawanywa, watu wazima wangapi, wanafunzi wangapi, watoto wangapi. Na ukiangalia ule mstari wa watoto unakuta umelala chini kwenye sifuri, labda kwa miaka kadhaa sasa.

Alafu wazee wanaanza kuondoka, na hawaondoki mmoja mmoja, wanaondoka karibu pamoja kwa sababu walikuja pamoja wakiwa na umri unaokaribiana. Baada yao ni wale watoto waliokuwa pamoja. Mashamba yanakosa mikono, mavuno yanakutwa na baridi bado yapo shambani, mhunzi amekufa na hakuna wa kuchukua nafasi yake kwaiyo vifaa vinaisha, na bila vifaa kila mfanyakazi anafanya polepole. Hapo mchezaji anashtuka, anajenga nyumba ishirini kwa mara moja ili watu wazae, na aisee hapo ndo anamalizia mji kabisa.

Hesabu wenyewe. Una watu 30, wanakula 3,000 kwa mwaka. Umefungua nyumba nyingi, vijana wote waliobaki wanahamia, kila nyumba inaanza kuzaa, muda si mrefu una watoto 20 zaidi. Sasa mnakula 5,000. Wafanyakazi wameongezeka wangapi? Hakuna, ni wale wale, tena wamepungua kidogo. Watoto wale ndo dawa ya mji wako, ila dawa yenyewe inakula kwanza na inafanya kazi baadae. Na kama umejenga shule unaisubiri muda mrefu zaidi. Kwaiyo njaa inaingia, watu wanakufa, wakiwemo wale watoto uliokuwa unawasubiri, na wale wanaobaki kizazi chao ni kimoja tena, umri wao mmoja tena. Wimbi limeanza upya.

Nikisema wimbi namaanisha hivyo hivyo, linapanda, linashuka, linarudi. Twendeni kwenye gemu kubwa sasa mtalielewa zaidi.

Cities: Skylines, ile ya 2015 kutoka Finland, nadhani wengi mnaijua kuliko mimi. Pale huanzi na familia tano, unapaka zoni, kijani ya makazi, bluu ya biashara, njano ya viwanda, na watu wanahamia kutoka nje ya ramani. Una ile mistari mitatu ya mahitaji pale chini, na mstari wa kijani ukipanda juu kila mchezaji anafanya kitu kile kile, anachora mtaa mkubwa, anapaka kijani mwanzo mpaka mwisho, anaongeza spidi ya gemu. Ndani ya muda mfupi mtaa umejaa. Wanaohamia wengi ni vijana wazima, umri wao unakaribiana, na gemu inahesabu umri wa kila mtu. Kwaiyo umepanda shamba la watu ambao watazeeka pamoja. Baada ya miaka kadhaa ya ndani ya gemu, unaona ile alama ya maiti juu ya nyumba moja, mbili, alafu mtaa mzima. Magari ya maiti yanatoka yote, yanakwama kwenye foleni, maiti zinakaa ndani muda mrefu, nyumba zinahamwa. Wachezaji wamelipa jina, wanaliita wimbi la vifo.

Na hapa wengi wanatibu dalili. Wanajenga makaburi mengi, tanuri za kuchomea maiti nyingi, wanalipa gharama za kuziendesha, baada ya muda vifo vinaisha na magari yamekaa tu yanakula bajeti. Wanazibomoa. Alafu wimbi linarudi! Kwa nini linarudi? Kwa sababu nyumba zilizobaki tupu zimejazwa na watu wapya ndani ya kipindi kifupi, vijana tena, umri mmoja tena.

Naomba mtu mwenye karatasi achore hii, hata kwenye simu inawezekana. Tuseme mji umepokea watu 1,200 kwa mwaka mmoja. Tuseme, kurahisisha tu, kila mmoja anakufa kati ya mwaka wa 50 na wa 60 tangu ahamie, na wamegawanyika sawa. Miaka 50 ya kwanza hufanyi mazishi hata moja, meya unapewa sifa. Alafu miaka kumi mfululizo unazika 120 kila mwaka. Sasa chukua watu hao hao 1,200 lakini wameingia 20 tu kila mwaka kwa miaka 60. Ukifika huko mbele mji umetulia, kila mwaka wanakufa kama 20 na wanaingia 20. Ukubwa wa mji karibu ule ule, ila wa kwanza unataka huduma ya kuzika 120 kwa mwaka na kwa nusu karne ulikuwa huihitaji kabisa, wa pili unataka huduma ya 20 tu na unaitumia kila mwaka. Sasa niambieni mji upi ni rahisi kuuendesha.

Tuendelee kidogo maana kuna kitu kizuri hapa. Kila anayekufa nafasi yake ijazwe na kijana mmoja mwaka ule ule. Kwaiyo wimbi la pili la wahamiaji halikuja mwaka mmoja, limeingia kwa miaka kumi, 120 kila mwaka. Nao wakifa watasambaa kwenye miaka ishirini hivi, wastani wake 60 kwa mwaka, ingawa pale katikati kilele bado kinagusa 120. Wimbi la tatu linasambaa miaka thelathini na kilele chake kinashuka mpaka kama 90. Yaani wimbi linajipoza lenyewe, lakini polepole mno. Mtu anayecheza gemu anasema ah si litaisha tu, sawa, litaisha, ila kwenye mji wa kweli mawimbi matatu ni zaidi ya karne moja na nusu.

Na kuna miji ya kweli iliyopakwa zoni kwa mkupuo namna hii. Pembeni mwa Tokyo kuna eneo linaitwa Tama New Town. Japani ya miaka ya 60 ilikuwa inakua kwa kasi, watu wanamiminika Tokyo, nyumba hakuna, kwaiyo serikali ikapanga mji mpya kabisa kwenye vilima, mpango ukapitishwa 1965 na wakazi wa kwanza wakaingia 1971. Wale waliohamia ni akina nani? Familia changa, baba na mama bado vijana, watoto wadogo. Shule zikajengwa, zikajaa. Maghorofa mengi ya mwanzo yalikuwa ya ghorofa tano bila lifti, na kijana wa miaka thelathini hilo halimsumbui, anapanda na mtoto mgongoni. Sasa sogeza kalenda miaka hamsini. Watoto walikua wakaenda kutafuta maisha kwingine, wazazi wakabaki, wamezeeka pamoja, ngazi ni zile zile. Shule zilizokuwa zimejaa zimefungwa nyingine, maduka yaliyokuwa yanauzia familia kubwa yamekosa wateja. Hakuna aliyekosea hesabu ya matofali pale, kila kitu kilijengwa kinavyotakiwa, isipokuwa kilijengwa kwa watu wa umri mmoja.

Na hiyo ni mitaa tu, nchi nzima nayo ina wimbi lake. Baada ya vita, mwaka 1949 peke yake Japani walizaliwa watoto karibu milioni 2.7. Watoto wale walipofika umri wa kuzaa wakatoa mwangwi wao, 1973 wakazaliwa kama milioni 2.1. Mmeona, hesabu miaka kati ya hizo mbili, ni 24, umri wa kuanza familia. Kwa mahesabu ya wimbi tungetegemea mwangwi wa tatu miaka ya 1990 mwishoni au 2000 mwanzoni, na haukuja, kwa sababu vijana wa kipindi kile walichelewa kuoa au hawakuoa, ajira za uhakika zilikuwa ngumu, na hapa mtakumbuka Banished, kijana asiye na pa kuanzia maisha hazai. Mwaka 2023 walizaliwa chini ya laki nane na wakafa zaidi ya milioni moja na nusu. Kwenye miji mikubwa kuna familia zinasubiri siku kadhaa kupata nafasi ya kuchoma maiti. Ile alama ya juu ya nyumba kwenye gemu, ndo hiyo.

Mmoja hapa ananyoosha mkono, anauliza sasa tufanyeje, tusijenge?

Hapana, jenga, ila jenga kidogo kidogo. Kwenye Skylines mstari wa kijani ukipanda usiumalize wote, paka mtaa mmoja mdogo, subiri, cheza na barabara au maji, rudi upake mwingine. Mji wako utakua taratibu kuliko wa rafiki yako na atakucheka, mwache acheke. Fungua paneli ya idadi ya watu, inakuonyesha watoto, vijana wadogo, vijana wazima, watu wazima na wazee, na unachotafuta pale ni kundi moja kuvimba kuliko mengine yote. Ukiona watu wazima wamevimba na wazee ni wachache, usifurahi kwamba una nguvu kazi, jua baada ya muda flani uvimbe ule unahamia kwenye wazee, na hapo bado una muda wa kuandaa huduma kabla hujazidiwa. Na tanuri ulizojenga kwa ajili ya wimbi usizibomoe likipita, zizime tu.

Kwenye Banished dawa ni ile ile kwa namna nyingine, nyumba moja au mbili kila baada ya muda hata kama hakuna anayelalamika, na kabla hujaongeza nyumba uliza chakula cha watoto watakaozaliwa kitatoka wapi, sio cha watu waliopo leo. Na angalia nyumba zinazokaliwa na mzee mmoja peke yake, maana kwenye gemu nyumba ile imeshikwa mpaka afe, ukihesabu paa unadhani una nafasi kumbe vijana hawana pa kwenda.

Sasa msije mkaondoka hapa mkidhani gemu ni dunia. Kwenye Skylines watu wapya wanakuja kutoka nje ya ramani bila kikomo, hakuna mji mwingine unaowapoteza. Dunia ya kweli kila anayehamia ametoka mahali, na pale alipotoka wamebaki wazee. Pia kwenye gemu mtu hakatai kuzaa kwa sababu ada ya shule ni kubwa, wala hahami kwa sababu ya siasa. Mtengenezaji anachagua cha kuweka na cha kuacha. Yule aliyesimamia ubunifu wa SimCity ya 2013, Stone Librande, alieleza kwamba alipopima maegesho ya magari ya miji ya kweli alishangaa ukubwa wake, wangeyaweka yote gemu ingekuwa maegesho matupu, kwaiyo wakaweka machache madogo tu, mengine tujifanye yako chini ya ardhi. Ukicheza bila kujua hilo unaweza ukadhani mji wenye magari mengi hauhitaji nafasi ya kuyaegesha.

Hili la mtengenezaji kuchagua ni la zamani kuliko magemu yenyewe. Will Wright alipotengeneza SimCity ya kwanza, 1989, mawazo mengi aliyatoa kwa profesa mmoja wa MIT, Jay Forrester, ambaye mwaka 1969 alitoa kitabu kinachouelezea mji kwa hesabu za kompyuta, nyumba zinazeeka, viwanda vinazeeka, watu wanaingia na kutoka, na kila kitu kinasukuma kingine baada ya kuchelewa. Huo uchelewaji ndo tumeuongelea saa nzima hii, na alikuwa sahihi kabisa kuuweka katikati. Lakini hesabu zake zilitoa jibu kwamba kujengea maskini nyumba nyingi kunaudhuru mji, na wakosoaji wakamuuliza, mbona kwenye mji wako hakuna vitongoji vya pembeni? Watu na ajira waliokuwa wanakimbilia pembeni ya miji ya Marekani kipindi kile hawakuwemo kwenye hesabu kama sehemu ya mji. Kwaiyo gemu ikikupa jibu, tafuta kwanza nini hakimo kwenye ramani.

Swali la mwisho, yule dada pale. Anauliza kwenye sevu yake ambayo imeshajaa watu wa umri mmoja, aanze upya au inaokoleka?

Inaokoleka. Usiguse mtaa wa zamani kwa sasa. Weka pause kwanza, angalia wazee ni wangapi ukilinganisha na wote, jenga tanuri karibu na mtaa ule sio upande wa pili wa mji, hakikisha magari ya maiti yana njia yao isiyopita kwenye foleni ya viwanda. Alafu wimbi likianza na nyumba zikianza kubaki tupu, usikimbilie kuzibomoa na kupaka upya zote siku moja, maana hapo unatengeneza wimbi lingine kwa mkono wako. Ondoa zoni sehemu kubwa ya zile tupu, acha chache zijazwe, baada ya muda rudisha nyingine chache, endelea hivyo hivyo. Mapato yatashuka na utakaa na viwanja vitupu kwa muda, mji utaonekana mbaya, rafiki zako watauliza umefilisika au vipi. Fungua ile paneli ya umri kila mara uone kama makundi yanaanza kulingana. Ukiwa na sevu ya zamani kabla hujafanya hivyo, itunze pembeni, cheza zote mbili alafu nitumie picha za hizo paneli, mimi nataka kuziona.